Upepo wa Uani

Mapanga matatu ya mashine yake ya upepo Swaleh aliyakata kwa msumeno kutoka kwenye bomba la maji la plastiki. Jenereta ilikuwa mota ndogo iliyong'olewa kwenye printa mbovu. Juu ya paa la kwao Langoni, kusi la Julai likivuma kutoka baharini, taa yake nyeupe iliwaka hata mama akaiacha mbuzi ya nazi akapanda kutazama.

Sasa Kidato cha Tatu kizima kilimzunguka uani mwa shule. Mapanga yakazunguka. Taa haikuwaka.

"Ngojani, upepo unakuja."

Ukaja. Mkia ukaigeuza mashine kulia, ukairudisha kushoto, kisha mapanga yakasimama. Omari akacheka. Swaleh, mikono ikimtetemeka, akalisukuma panga moja kwa nguvu. Likagonga mlingoti, likapasuka shinani. Hapo wakacheka wote.

"Nyamazeni," alisema Mwalimu Zuhura. "Swaleh, usifungue waya hata mmoja. Kilichoharibika ni nini?"

"Mota, Mwalimu."

"Umejuaje?"

Swaleh akatazama chini. Koo lilikuwa limemkauka, na alitamani kengele ilie. Mwalimu akampa mita ya volti, akamwambia azungushie uzi kwenye mhimili wa mota, auvute. Akauvuta taratibu: 1.2. Akauvuta kwa kasi: 3.1, na taa ikamweka mara moja, ikazimika.

"Mota ni nzima," alisema, kama asiyeamini.

"Taa nyeupe inataka karibu volti 3. Kwa nini hapa hukuzipata?"

Aliyejibu ni Omari, na safari hii hakucheka. Baba yake ni nahodha. "Mwalimu, huu wa hapa si upepo, ni mabaki. Kusi linagonga ukuta ule, linavunjika, linaingia likizungukazunguka. Ndiyo maana mkia haukutulia. Hata mashua ikikingwa na kisiwa, tanga hupigapiga tu."

Mwalimu akachukua kijiti, akaandika mchangani:

P = ½ρAv³

"Tazameni hiyo v, ndiyo kasi ya upepo. Ikipungua nusu, P, yaani nguvu, haibaki nusu. Inabaki sehemu moja ya nane."

Swaleh aliinua macho. Ukuta wa matumbawe ulikuwa mnene, mrefu kuliko mlingoti wake karibu mara mbili, na juu yake majani ya mnazi yalikuwa yamelala upande mmoja, yakivutwa na kusi bila kupumzika. Asubuhi yote alikuwa amesimama chini yake bila kuyaona.

Omari aliokota panga lililopasuka, akalipima kwa shubiri. "Nyumbani kuna kipande cha bomba, kinene kuliko hili. Nitakuletea kesho. Lakini hapa uani sikushikii mlingoti."

"Hapa sirudi," alisema Swaleh. Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, ruhusa ya kupanda juu ya paa la darasa inaombwa kwa nani?"