Majibu ya Mtihani wa Thamodinamiki: Kanuni ya Kwanza na Ufanisi wa Injini ya Joto

Ndugu wanafunzi wa mwaka wa pili,

Picha ya karatasi ya mtihani mliyonitumia juzi imesomeka karibu yote. Ilipigwa kwa simu chini ya taa, karatasi ikiwa na alama ya kukunjwa katikati, na mwako wa taa umefuta tarakimu moja katika jedwali la swali la pili. Tarakimu hiyo tutaipata bila kuomba picha nyingine, kwa sababu kanuni ya kwanza yenyewe inaidai.

Kabla ya namba yoyote, andikeni mkataba wa alama juu ya ukurasa. Mimi nahesabu joto linaloingia katika mfumo kuwa chanya, na kazi inayotoka kuwa chanya, hivyo kanuni inasomeka hivi:

```
Q = ΔU + W
```

Vipo vitabu, hasa vya kemia, vinavyohesabu kazi inayofanywa juu ya mfumo kuwa chanya, na humo kanuni huandikwa ΔU = Q + W. Mikataba yote miwili ni halali, ila anayeanza na mmoja na kumalizia na mwingine hupoteza alama hata kama hesabu zake ni safi.

Swali la 1. Hewa ya kilo 0.5 iliyomo ndani ya silinda yenye pistoni inapashwa joto kwa kanieneo isiyobadilika, kutoka 27 °C hadi 177 °C. Tafuta kazi, joto na badiliko la nishati ya ndani, ukichukua cp = 1.005, cv = 0.718 na R = 0.287, zote kwa kJ/kg K.

```
W  = mRΔT  = 0.5 × 0.287 × 150 = 21.5 kJ
ΔU = mcvΔT = 0.5 × 0.718 × 150 = 53.9 kJ
Q  = mcpΔT = 0.5 × 1.005 × 150 = 75.4 kJ
```

Jumlisheni mistari miwili ya juu, nanyi mtapata wa tatu. Thamani ya kanieneo haikutolewa, na haihitajiki, kwa kuwa katika gesi bora zao la kanieneo na badiliko la ujazo ni sawa na mRΔT.

Swali la 2. Injini inapita michakato minne na kurudi ilikoanzia. Katika 1–2 hewa inashindiliwa bila joto kupita, na kazi ni −45 kJ. Katika 2–3 inapokea joto la 180 kJ huku ujazo wake ukibaki vilevile. Katika 3–4 inatanuka bila joto kupita, na kazi ndiyo namba iliyofutwa na mwako: inaonekana 1 mwanzoni na 0 mwishoni, katikati pakiwa peupe. Katika 4–1 inatoa joto la 95 kJ kwa ujazo usiobadilika. Jaza safu ya nishati ya ndani, kisha tafuta ufanisi.

Nishati ya ndani ni sifa ya hali ya mfumo. Haijali njia iliyopitwa, kwa hiyo mfumo ukirudi pale ulipoanzia, jumla ya mabadiliko yake lazima iwe sifuri. Mchakato 1–2 hauna joto, basi ΔU = 0 − (−45) = +45 kJ. Mchakato 2–3 hauna kazi, basi ΔU = +180 kJ. Mchakato 4–1 nao hauna kazi, basi ΔU = −95 kJ. Kinachobaki ni 3–4:

```
45 + 180 + ΔU₃₄ − 95 = 0
ΔU₃₄ = −130 kJ,  W₃₄ = +130 kJ
```

Tarakimu iliyopotea ni 3, na inaafikiana na 1 na 0 zinazoonekana pichani. Kazi halisi ya mzunguko ni 130 − 45 = 85 kJ, na joto halisi ni 180 − 95 = 85 kJ, kama inavyopasa. Ufanisi basi ni:

```
η = 85 / 180 = 0.472
```

yaani asilimia 47.2. Angalieni kigawanyo kwa makini: ni joto lililoingia, 180, wala si joto halisi, 85. Anayegawa kwa joto halisi hupata asilimia 100 kila mara, kwa injini yoyote ile, na jibu la namna hiyo linapaswa kumshtua kabla hajageuza ukurasa.

Swali la 3. Mvumbuzi anadai kwamba injini yake hupokea 500 kW kutoka chanzo chenye halijoto ya 627 °C, hutoa kazi ya 350 kW, na kutupa 150 kW katika maji ya mto yenye 27 °C. Jadili dai hilo.

Kanuni ya kwanza inaridhika, kwa kuwa 350 na 150 ni 500. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba injini inawezekana. Lakini ufanisi unaodaiwa ni asilimia 70, nao unapaswa kupimwa kwa kikomo alichokieleza Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824:

```
η = 1 − T₂/T₁ = 1 − 300/900 = 0.667
```

Injini yoyote inayofanya kazi kati ya halijoto hizo mbili haiwezi kuzidi asilimia 66.7, yaani haiwezi kutoa zaidi ya takriban 333 kW. Dai hilo haliwezekani. Inafaa kukumbuka kwamba Carnot alichapisha hoja yake miaka 26 kabla Rudolf Clausius hajaiandika kanuni ya kwanza kwa hesabu, mwaka 1850, wakati ambapo wengi bado waliliona joto kuwa aina ya kimiminika. Kikomo hiki kinasimama juu ya kanuni ya pili. Msikitafute ndani ya ile ya kwanza.

Pembeni mwa karatasi, kwa penseli, mmoja wenu ameandika 1 − 27/627 = 0.957, akahitimisha kwamba dai ni kweli. Naelewa kosa hili linakotoka. Katika swali la kwanza tulitumia tofauti ya halijoto, na tofauti ya nyuzi 150 ni ileile kwa selsiasi na kwa kelvini. Hapa tunatumia uwiano, na uwiano unadai kipimo kinachoanzia kwenye sifuri halisi. Sifuri ya selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu. Maji ya mto yangekuwa na 0 °C, hesabu ya penseli ingetoa asilimia 100.

Swali la 4. Jenereta ya dizeli inatoa 60 kW ikitumia kilo 15 za mafuta kwa saa, yenye thamani ya joto ya 42,000 kJ kwa kilo. Maji ya kupozea hupita kwa 0.8 kg/s na kupanda nyuzi 15. Tafuta ufanisi na kiasi cha joto kinachopotea kwa moshi na njia nyingine, ukichukua joto mahususi la maji kuwa 4.18 kJ/kg K.

```
Nishati ya mafuta = 15/3600 × 42000 = 175 kW
η    = 60/175 = 0.343
Maji = 0.8 × 4.18 × 15 = 50.2 kW
Baki = 175 − 60 − 50.2 = 64.8 kW
```

Ufanisi ni asilimia 34.3. Katika jibu la mwisho andikeni wazi kwamba 64.8 kW imepatikana kwa kutoa na haikupimwa, hivyo imebeba ndani yake joto la moshi, joto linalotoka kwenye mwili wa injini, hasara za jenereta yenyewe, na kila kosa la vipimo vile vingine.