Jumbe za uzinduzi: kozi ya kuvuna parachichi kwa kipimo

Tangazo la Facebook, kuanzia Jumatatu tarehe 2 (Rungwe, Njombe, Mufindi, Mbozi)

Mnunuzi amekurudishia kreti akisema "changa", nawe uliona zimejaa? Kwa parachichi ya Hass, macho hayatoshi. Haiivi ikiwa mtini. Huiva ikishachumwa, na ikichumwa changa husinyaa, ikawa kama mpira. Alhamisi tarehe 12, saa 2 usiku, nitapima tunda mubashara kwenye Zoom kwa mzani mdogo na oveni. Semina ni bure. Bonyeza Jisajili, weka jina na namba ya WhatsApp.

WhatsApp, papo hapo akijisajili

Karibu sana, nafasi yako ipo. Siku hiyo uwe na tunda moja kutoka shambani kwako na kisu.

WhatsApp, Alhamisi saa 12 jioni

Tunaanza saa 2 kamili. Kama mtandao wa kwenu unasuasua, zima video yako, sauti tu inatosha.

WhatsApp kwa waliohudhuria, Ijumaa asubuhi

Ugonile, na asante kwa jana. Mliona: nyama iliyokunwa gramu 50, ikakaushwa mpaka uzito ukagoma kushuka, zikabaki gramu 12. Gawa 12 kwa 50, zidisha kwa 100, ni asilimia 24 ya ukavu. Kiwango cha chini cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa Hass ni 21, ila wanunuzi wengi hutaka zaidi, kwa hiyo muulize wako kabla ya kupandisha watu mitini.

Wengi mliuliza: nipime matunda mangapi, ya upande gani wa mti, na shamba la bondeni na la mlimani nichanganye? Usichanganye. Hayo ndiyo tutakayofanya kwenye kozi ya wiki 4, kila mtu na shamba lake, pamoja na jinsi ya kuandika vipimo ili mnunuzi akija na bei yake uwe na karatasi mkononi. Ada ni shilingi 60,000. Nafasi ni 40, kwa sababu vipimo vya kila mmoja navisoma mwenyewe. Usajili umefunguliwa leo, unafungwa Jumanne tarehe 17, saa 6 usiku.

Tangazo la kuwafuata waliohudhuria bila kulipa, Jumamosi hadi Jumanne (aliyelipa aondolewe siku hiyohiyo)

Ulikuwa nasi Alhamisi. Huna oveni? Wakulima watano mnaweza kuchangia moja; mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja unatosha kuanzia. Kama huna Hass hata mti mmoja, kozi hii subiri kwanza.

WhatsApp kwa waliojisajili wasiofika, Jumamosi

Rekodi hii hapa, itaondolewa Jumanne. Upimaji unaanzia dakika ya 18.

WhatsApp, Jumanne saa 1 usiku

Ndugu mkulima, fomu inafungwa saa 6 usiku. Atakayetuma ada baada ya hapo atarudishiwa pesa yake, na zamu ijayo atajulishwa kwa namba hii.