Vumbi la Mninga

Nilikuwa na miezi mitano karakanani Keko, nikijifunza kwa fundi mmoja mtu mzima, aliponiachia kwa mara ya kwanza hesabu ya mbao. Kabati la vyombo, la mninga. Rafu 6, kila moja futi 4 kamili kati ya ubavu na ubavu.

Hesabu niliipiga kichwani: mbao ya futi 12 inatoa vipande 3, kwa hiyo rafu 6 ni mbao 2. Nikazinunua, nikazibeba begani, nikazikata siku hiyohiyo.

Kesho yake tukaanza kuunga. Rafu 4 zilikaa vizuri. Ya tano nikaisukuma, ikapita upande wa pili bila kugusa kitu, ikaanguka sakafuni. Nikaipima: sentimita 117, wakati ilitakiwa 122. Ya sita vilevile. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu mninga ni ghali na mti wake unachukua miaka mingi kukua.

Fundi hakufoka. Aliuliza tu, "Hizi mbao zilikuwa na ufa mwishoni?"

"Ndiyo, Fundi. Nilikata kama sentimita 4 kila moja."

"Ukazitoa kwenye hesabu?"

Nikanyamaza.

"Na msumeno, unakula kiasi gani?"

Sikuwahi kufikiria kwamba msumeno unakula.

Akaokota kipande cha paini, akanipa tepu. Sentimita 50 barabara. Akaniambia nikikate kwenye mashine vipande 10. Nilipomaliza, akaniambia nivipange tena kwenye meza, vibanane. Nikapima: 47 na milimita 3. Nikapima tena, nikidhani nimekosea. Mikato 9, kila mkato milimita 3.

Akainama, akachota vumbi chini ya mashine, akanimwagia kiganjani. Lilikuwa bado na joto. "Zile zilizopotea ndizo hizi, mwanangu."

Mbao ya tatu aliinunua kwa fedha yake, wala hakunikata posho. Zile rafu fupi tukazipasua zikawa nyuso za droo, na mteja akachukua kabati lake Jumamosi kama alivyoahidiwa.

Tangu siku ile, kabla ya kununua nachora kabati zima kwenye karatasi na kuandika kila kipande. Mbao ikifika naangalia ncha zote mbili, naondoa ufa kwanza, naweka skwea, ndipo naanza kupima. Penseli naichonga kwa kisu mpaka iwe kali, na pembeni ya mstari naweka alama ya upande wa kutupa, ili msumeno ule huko. Kipande kimoja nakikata, ndipo napima kinachofuata.

Wiki iliyopita limekuja kabati jingine la rafu 6, futi 4. Nikapeleka karatasi yangu: mbao 3, rafu 2 kila mbao, mabaki ya droo. Fundi aliisoma taratibu kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akafungua kidroo akanihesabia fedha za mbao 3.