Ripoti ya matangazo ya kukumbusha makapu yaliyoachwa, Julai–Agosti 2025

Kwa uongozi wa duka na timu ya mauzo, Mlandege. 25 Agosti 2025.

Kati ya oda 504 za wateja walioacha kapu mtandaoni bila kulipa, wakawekwa kwenye kundi la kuonyeshwa matangazo, kisha wakarudi kununua, takriban 414 zingepatikana hata kama tusingelipia tangazo hata moja. Zilizoletwa na matangazo ni kama 90. Tulitumia Tsh 1,620,000, kwa hiyo kila oda ya ziada imetugharimu Tsh 18,000. Faida yetu kwa oda, baada ya kutoa mali, ufungaji na usafiri, ni wastani wa Tsh 14,500. Kwa jumla matangazo haya hayakujilipa. Lakini hasara hiyo haikutoka kwa wateja wote, na hapo ndipo penye uamuzi wa kufanya.

Tulivyopima

Kuanzia 7 Julai hadi 3 Agosti, watu 4,800 walitia vitu kwenye kapu wakaondoka bila kulipa. Mtu alipoacha kapu, mfumo ulimpangia kundi kwa bahati nasibu: watatu katika kila wanne kundi la matangazo (3,600), mmoja kundi lisiloonyeshwa (1,200). Orodha ya hao 1,200 tuliiondoa kwenye walengwa wa Facebook na Instagram. Kila mtu tulimfuatilia siku 14, na oda tulizihesabu kwa namba ya simu iliyotumika kuagiza, kwa sababu wengi huvinjari kwenye simu moja na kulipia kwa nyingine. Simu ambazo wahudumu huwapigia wateja ziliendelea kama kawaida kwa makundi yote mawili, hivyo kilichopimwa ni tangazo peke yake.

Kundi la matangazo lilirudi kwa asilimia 14.0. Kundi lisiloonyeshwa lilirudi kwa asilimia 11.5 (oda 138). Hesabu yenyewe:

```
504 − (3600 × 138 / 1200) = 504 − 414 = 90
```

Namba 90 si ya kushikilia kama msumari. Kwa uhakika wa asilimia 95, oda za ziada ziko mahali fulani kati ya 13 na 167. Kwenye ukingo wa juu tungepata faida. Kwenye ukingo wa chini tumepoteza karibu pesa yote.

Kwa nini dashibodi inasema 312

Dashibodi ya matangazo inajihesabia oda 312, yaani Tsh 5,200 hivi kwa kila moja, na kwa miezi mingi hiyo ndiyo namba tuliyokuwa tukiipeleka kwenye kikao. Haidanganyi, ila inajibu swali jingine. Kwa mpangilio wake wa kawaida, oda yoyote iliyofanyika ndani ya siku 7 tangu mtu abofye tangazo, au siku 1 tangu alione, inaandikwa kuwa ni ya tangazo. Haiulizi kama mtu huyo alikuwa anarudi mwenyewe.

Chukueni kapu moja la mteja wa Wete. Alhamisi usiku alichagua doti mbili za kanga na udi, akafika kwenye ukurasa wa gharama ya usafiri wa boti, akaondoka. Jumatatu alirudi, akaongeza sabuni ya mwani, akalipa. Tulipompigia kuuliza, alisema alikuwa anamsubiri mama yake achague jina la kanga. Mteja huyu alikuwa kwenye kundi lisiloonyeshwa. Hajaona tangazo letu hata mara moja. Angekuwa kwenye kundi la matangazo, na tangazo likampitia machoni Jumapili usiku, oda yake ingehesabiwa kuwa tumeikomboa.

Kuna mtego mwingine ambao tusiuingie. Kati ya watu 3,600, walioonyeshwa tangazo kweli ni 2,340, na hao walinunua kwa asilimia 17.2. Wale 1,260 ambao tangazo halikuwafikia walinunua kwa asilimia 8.0. Ukiziweka asilimia hizi bega kwa bega utasema tangazo limezidisha mauzo mara mbili. Lakini tangazo humfikia anayeshinda mtandaoni, na anayeshinda mtandaoni ndiye pia anayerudi dukani kwetu kwa urahisi. Ndiyo maana tumelinganisha wote 3,600 na wote 1,200, wawe wameliona au hawakuliona.

Wateja wa zamani na wateja wapya

Mgawanyo huu tuliuandika kabla ya jaribio kuanza, haukuchaguliwa baada ya kuona matokeo.

| | Kundi la matangazo | Lisiloonyeshwa | Oda za ziada | Gharama (Tsh) |
|---|---|---|---|---|
| Waliowahi kununua | 300 kati ya 1,500 | 99 kati ya 500 | 3 | 830,000 |
| Wapya | 204 kati ya 2,100 | 39 kati ya 700 | 87 | 790,000 |

Mteja wa zamani anatujua. Anaacha kapu akisubiri mshahara, au akitaka kuuliza nyumbani, kisha anarudi. Zaidi ya nusu ya bajeti ilikwenda kumkumbusha mtu ambaye hajasahau. Huu kwangu ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote katika ripoti hii.

Kwa wapya, oda ya ziada imegharimu Tsh 9,080 hivi, chini ya faida yake. Wamebakisha kama Tsh 471,500. Hapa tofauti iko wazi zaidi: oda za ziada ni kati ya 42 na 131. Hata hivyo tukiwa kwenye 42, bado tungekula hasara, kwa hiyo bajeti yao isiongezwe kwa sasa.

Kwa Pemba, kundi la matangazo lilirudi kwa asilimia 11 na lisiloonyeshwa kwa 7.5. Inatia hamu, lakini watu ni 800 tu kwa makundi yote mawili na tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati. Tusiitangaze.

Siku ya kwanza

Ndani ya saa 24, makundi yote mawili yalirudi karibu sawa: asilimia 6.7 na 6.5. Karibu oda zote za ziada zilikuja baada ya hapo. Inashawishi kusema tangazo la siku ya kwanza ni pesa iliyopotea bure, ila huenda aliyeliona siku ya kwanza ndiye aliyenunua siku ya nne. Hilo linahitaji jaribio lake.

Tunachoomba kikubaliwe

Kuanzia 1 Septemba, wateja waliowahi kununua waondolewe kwenye matangazo ya makapu. Wapya waendelee, na robo yao ibaki bila kuonyeshwa kila mwezi ili namba izidi kukaza. Nusu ya wapya wanaoonyeshwa waanzishiwe tangazo papo hapo, nusu baada ya saa 24, kwa bahati nasibu.

Pesa itakayookolewa iende kwenye kazi moja: gharama ya usafiri, hasa ya boti kwenda Pemba, ionekane kwenye ukurasa wa bidhaa. Makapu mengi yanaachwa pale mteja anapoikuta kwa mara ya kwanza mwishoni.

Matokeo haya ni ya Julai na Agosti. Kabla ya Idd watu hununua kwa haraka na tarehe haingoji, kwa hiyo kwa Ramadhani ijayo, inayotarajiwa kuanza katikati ya Februari 2026, tupime upya kuanzia wiki ya kwanza ya mfungo.