Zambia bingwa Libreville: mechi iliyogeuka dakika ya 70

Fainali ya Kombe la Afrika 2012, ubao unasoma 0-0 baada ya dakika 120, na mtu ambaye hakuangalia atadhani tumelala usingizi jana. Wee! Zambia wamewatoa Kodivaa kwa matuta 8-7, kombe la Afrika lao la kwanza kabisa, tena wamelibebea Libreville, mji ambao mwaka 1993 ndege ya timu yao ilianguka baharini hapo karibu ikaondoka na wachezaji 18.

Mapema tu beki wa Zambia, Musonda, akaumia, akatoka analia, na hapo ndo ungesema basi, maana Kodivaa wana Drogba, wana Yaya, na mashindano yote hawajaruhusu goli hata moja. Lakini Zambia, Chipolopolo wenyewe, hawakurudi nyuma kujificha, wakaendelea kupiga pasi zao.

Sasa dakika ya 70. Gervinho kaangushwa kwenye boksi, penati, Drogba kauchukua mpira mwenyewe. Hapa nilishaanza kuandika kichwani "Kodivaa bingwa", nawaambia ukweli. Kapiga kwa nguvu, mpira ukapaa juu ya mwamba ukaenda kwa mashabiki. Kwangu mimi mechi iligeuka pale, kwa sababu kuanzia hapo Zambia walicheza kama watu walioshaambiwa matokeo, na dakika za nyongeza nahodha Katongo nusura amalize kazi, kipa Barry kauparaza kwa mguu ukagonga mlingoti.

Matuta sitawahesabia yote, mengi yaliingia. Chukueni haya. Bamba wa Kodivaa kapiga, kipa wa Zambia Mweene kapangua, refa kasema kipa alitoka mstarini, rudia, safari hii ikaingia. Kipa mwingine angechanganyikiwa kabisa. Drogba naye akapata yake ya tano, kwahiyo mpigaji wa tano wa Zambia akikosa imeisha, na anayekuja kuweka mpira chini ni Mweene huyohuyo, golikipa! Akafunga.

Ikafika 7-7. Kolo Toure kapiga, Mweene kadaka hesabu zake vizuri, kapangua. Kalaba wa Zambia alikuwa na kombe mguuni, akapaisha. Nikashika kichwa. Gervinho akaja, naye akapaisha, halafu Sunzu wa Zambia akatembea taratibu kutoka katikati ya uwanja, wenzake wamepiga magoti wanaimba, akaupeleka wavuni.

Kodivaa hawakufungwa goli hata moja uwanjani tangu mashindano yaanze hadi dakika ya 120 jana, na bado wanarudi mikono mitupu. Mechi iliwaponyoka kwenye ile penati ya dakika ya 70, si kwenye matuta.

Kuna picha moja haitoki kichwani, wakati wengine wanakimbia hovyo kwa furaha, kocha wa Zambia, Renard, alimwendea Musonda ambaye hawezi kutembea, akambeba mikononi kama mtoto, akampeleka kwa wenzake.