Ripoti ya Mhakiki wa Pili, Toleo Lililopangwa Upya

Kwa Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nakutumia ripoti iliyopangwa upya kama ulivyoomba. Naomba ichukue nafasi ya ile ya mwanzo, na ile ya mwanzo isimfikie mwandishi. Uamuzi wangu ni uleule: marekebisho makubwa, kisha makala yarudi kwa wahakiki. Kilichobadilika ni mpangilio. Hoja nne ambazo hitimisho haliwezi kusimama bila kuzijibu nimezitanguliza, na masahihisho ya kurasa yamekaa mwisho peke yake. Maneno yaliyomgusa mwandishi badala ya makala yameondoka. Makosa ya marejeleo, ambayo awali yalifungua ripoti, sasa yako mahali pake: ni kazi ya alasiri moja, na hayapaswi kumfanya mtu adhani ndiyo sababu ya makala yake kurudishwa.

Sina la siri la kukuambia kando. Yote yaliyo hapa chini mwandishi anaweza kuyasoma.

Kwa Mwandishi

Makala: *Umbo au Maana? Ugawaji wa Ngeli za Nomino Zilizokopwa kutoka Kiingereza katika Magazeti ya Kiswahili ya Tanzania*

Ndugu Mwandishi,

Asante kwa makala haya. Kama nimeyaelewa vizuri, unadai kwamba nomino ya Kiingereza inapoingia katika Kiswahili, ngeli yake huamuliwa na umbo la sauti zake, wala si maana yake. Ushahidi wako ni nomino 214 ulizozikusanya kutoka magazeti mawili ya Dar es Salaam. Swali lenyewe linafaa kuulizwa. Kwa muda mrefu tumezoea kusema kwamba maneno ya mkopo "huingia ngeli ya I-ZI" na kuishia hapo, na kiambatisho chako kinaonyesha wazi kwamba mambo hayako hivyo. Kiambatisho hicho, kwa maoni yangu, ndicho kitakachotumiwa zaidi na watafiti wengine. Sehemu ya pili, inayoeleza jinsi irabu zinavyopachikwa kuvunja konsonanti zilizofuatana, nimeisoma bila kuwa na la kuongeza.

Hoja kubwa

*1. Ngeli inahesabiwa kwa vigezo viwili tofauti.* Hii ndiyo hoja ninayoomba uipe muda mwingi kuliko zote, kwa sababu tatu zinazofuata zinaitegemea.

Jedwali la 3 linazipanga nomino kwa kiambishi cha wingi, na linaonyesha nomino 61 katika JI-MA. Jedwali la 5 linazipanga kwa upatanisho wa kisarufi, na hapo JI-MA ina nomino 38. Makala hayasemi zile 23 zimekwenda wapi. Nimezitafuta katika kiambatisho, na zote ni majina ya watu: dereva, meneja, kocha, refa, profesa na wenzao. Kwa kiambishi ni *madereva*, *mameneja*, *makocha*. Kwa upatanisho ni *madereva wamegoma*, *kocha amefukuzwa*. Kwa hiyo kila moja imehesabiwa JI-MA katika jedwali moja na A-WA katika jingine, na mjadala wa ukurasa wa 14 unachukua namba kutoka majedwali yote mawili kana kwamba yanapima kitu kimoja.

Vigezo vyote viwili vina historia ndefu katika taaluma yetu, tangu Bleek alipozipa namba ngeli za Kibantu katika karne ya 19 hadi mpangilio wa viambishi vya upatanisho tunaoufundisha shuleni leo. Sikushauri uchague kimoja kwa sababu mimi nakipenda. Naomba tu useme ni kipi unachokitumia, na ukitumie mpaka mwisho. Au utumie vyote viwili kwa makusudi, katika safu mbili za jedwali moja, ili msomaji aone vinapoachana. Njia hii ya pili ni kazi zaidi, lakini naiona ina faida. Kiswahili chenyewe hakina shida kuchanganya: katika *rafiki zangu wamefika*, kimilikishi kinafuata I-ZI na kitenzi kinafuata A-WA, ndani ya sentensi moja.

Data yako ina mfano mzuri zaidi ambao umepitwa haraka. Katika kurasa za michezo unakuta *klabu hiyo imemsajili*, na aya mbili chini *vilabu vinavyoshiriki ligi*. Umoja uko I-ZI, wingi uko KI-VI. Katika kiambatisho umeiweka *klabu* kwenye I-ZI na *vilabu* umeihesabu kama nomino nyingine, *kilabu*. Huenda ni sahihi, lakini mwandishi wa habari anayetumia maumbo hayo mawili katika habari moja huenda hayaoni kama maneno mawili. Ningependa kusoma maoni yako kuhusu hili, hata kama ni aya moja tu.

*2. Maana haijapewa nafasi ya kushindana.* Ukishatenganisha vigezo, zile nomino 23 zinaibua swali ambalo makala hayawezi kulikwepa. Karibu kila jina la mtu katika orodha yako linachukua *ma-* katika wingi. Miongoni mwa vitu, baadhi vinachukua (*mashati*, *makoti*, *mabasi*, *malori*, *makabati*) na vingine havichukui katika data yako (*timu*, *benki*, *fomu*, *treni*, *kompyuta*, *baiskeli*). Kama umbo la sauti ndilo linaloamua, kwa nini *koti* na *timu*, zote za silabi mbili, zote zikianza na konsonanti na kuishia na irabu, ziachane njia? Na kwa nini majina ya watu yasiachane?

Sidai kwamba maana ndiyo inayoamua. Ninachosema ni kwamba data hii, ilivyo sasa, inaruhusu usomaji mwingine ambao una nguvu sawa na wako, na msomaji makini atauona. Pima umbo (idadi ya silabi, silabi ya kwanza) na maana (mtu, chombo, vazi, taasisi) kwa pamoja katika modeli moja, kisha tuone umbo linabaki na uzito gani. Likibaki na uzito, dai lako litakuwa limeimarika kuliko lilivyo sasa. Lisipobaki, bado una makala, ila kichwa chake kitabadilika.

Kuna ushahidi unaokuunga mkono ambao sijauona popote katika mjadala wako. *Kipilefti* na wingi wake *vipilefti*. Na *digadi*, ambayo imepatikana kwa kuichukua *ma-* ya *madigadi* kama kiambishi cha wingi na kuiondoa. Hapa ni sauti tupu: hakuna kitu katika maana ya kifuniko cha gurudumu kinachokipeleka JI-MA. Kama maneno haya hayakutokea katika magazeti yako, unaweza kuyataja katika mjadala bila kuyaingiza kwenye hesabu.

*3. Matukio na maneno.* Jaribio la kai mraba katika Jedwali la 6 limefanywa kwa matukio yote 3,100, kila tukio likichukuliwa kuwa linajitegemea. Lakini *timu* peke yake ina matukio 640. Mwandishi wa michezo anapoandika *timu yetu* mara kumi katika habari moja, hafanyi uamuzi wa ngeli mara kumi. Naomba uhesabu upya kwa maneno, si kwa matukio, na pale idadi inayotarajiwa katika seli ikiwa ndogo kuliko 5 utumie jaribio la Fisher. Natarajia tofauti fulani zitapoteza umuhimu wa kitakwimu. Hilo si aibu; jedwali dogo linaloaminika lina faida kuliko kubwa linalotiliwa shaka.

*4. Magazeti na "Kiswahili cha Watanzania".* Hitimisho linazungumzia wazungumzaji, ilhali data ni ya magazeti, na habari ya gazeti imepita mikononi mwa mhariri wa lugha kabla ya kuchapwa. *Mabenki* na *matimu*, ambazo mtu anazisikia kwenye daladala, huenda zilikuwa katika nakala ya kwanza zikafutwa. Njia fupi ni kupunguza upana wa hitimisho: sema magazeti, na kichwa chako tayari kinasema hivyo. Sikuombi ukusanye data ya mazungumzo kwa ajili ya toleo hili.

Mapendekezo ambayo si sharti

Unaweza kuyaacha haya bila kunieleza sababu. Ulinganisho na nomino za Kiarabu ungependeza, hasa *kitabu*, ambayo *ki-* yake ni sehemu ya shina katika Kiarabu lakini Kiswahili kimeifanya kiambishi na kuzaa *vitabu*. Helsinki Corpus of Swahili ingekusaidia kukagua maneno yenye matukio machache katika magazeti yako. Na sehemu ya 1.2, historia ya usanifishaji kuanzia Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi BAKITA mwaka 1967, imeandikwa vizuri ila haitumiki tena baadaye. Ningeipunguza iwe aya moja ili upate nafasi ya hoja ya kwanza.

Masahihisho madogo

Uk. 3, aya ya 2: "upatanishi wa kisarufi" isomeke "upatanisho wa kisarufi". Limejirudia uk. 9 na uk. 15.

Uk. 5: unatumia "ngeli ya 5/6", "JI-MA" na "LI-YA" kwa kupokezana. Chagua istilahi moja na uiweke katika tanbihi ya kwanza.

Uk. 7 na kiambatisho: *shule* imetoka Kijerumani, si Kiingereza, ya Kiingereza ni *skuli*, inayotumika Zanzibar. *Meza* na *leso* ni za Kireno. Ziondoe kwenye hesabu. Ni chache, kwa hiyo sidhani matokeo yatayumba.

Uk. 8: Kamusi ya Kiswahili Sanifu imetajwa kwa mwaka 1981 katika matini na 2013 katika marejeleo. Hayo ni matoleo mawili tofauti, la kwanza na la tatu. Eleza ni lipi ulilolitumia, maana orodha za nomino mkopo hazilingani.

Uk. 10, Jedwali la 2: asilimia zinajumlika kuwa 101. Bila shaka ni kwa sababu ya kukadiria. Tanbihi fupi inatosha.

Uk. 11: mfano wa 17 (*maredio*) hauna tarehe ya gazeti. Mifano mingine yote inayo.

Uk. 13, Kielelezo cha 1: rangi mbili za kijani hazitofautiani zikichapwa kwa nyeusi na nyeupe.

Uk. 16: sentensi inayoanza na "Kutokana na ukweli kwamba" ina mistari sita na vitenzi vikuu viwili visivyokubaliana kuhusu kiima chao. Igawe.

Ikisiri: inasema nomino 241, makala yanasema 214.

Katika barua ya majibu, naomba ujibu hoja nne kubwa moja baada ya nyingine na kutaja ukurasa wa kila badiliko. Kwa masahihisho madogo andika tu "yamefanyika", na pale usipokubaliana nami sema hivyo. Niko tayari kusoma toleo la pili. Mhariri anajua kwamba nitahitaji wiki tatu tangu nitakapolipokea.

Mhakiki wa Pili