Ratiba ya Utekelezaji wa Utafiti, Juni 2026 hadi Mei 2027

Pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamivu: Kusubiri fedha ya korosho katika kaya za wakulima wadogo wa Tandahimba na Newala

Ratiba hii nimeipanga kwa kumfuata mkulima na mkorosho wake. Swali la utafiti ni namna kaya inavyoishi tangu korosho zipite kwenye mzani wa chama cha msingi hadi malipo yaingie, na kipindi hicho huja mara moja tu kwa mwaka. Nikikikosa msimu huu nitalazimika kungoja mwaka mzima. Kwa sababu hiyo miezi ya Oktoba hadi Desemba haisogezwi. Shughuli nyingine zote zinaweza kubanwa au kusukumwa.

Juni na Julai 2026 ni miezi ya vibali na majaribio. Baada ya kibali cha maadili, barua ya chuo itapelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mtwara, kisha kwa wakurugenzi wa halmashauri, na kutoka hapo kwa watendaji wa kata na vijiji. Nimetenga wiki sita kwa safari hiyo ya barua. Hojaji itajaribiwa kwa kaya 10 za kijiji kisichomo kwenye sampuli. Huu pia ni wakati wa kupuliza salfa, na madeni mengi ya msimu huanzia hapo, hivyo maswali ya mikopo yatajaribiwa mambo yenyewe yakiwa bado mabichi.

Agosti na Septemba nitakusanya takwimu za msingi kwa kaya 120 katika vijiji vinne, viwili kila wilaya. Kati ya hizo nitachagua 24 za kufuatilia kwa karibu.

Oktoba hadi Desemba nitaishi kijijini. Kila moja ya kaya 24 itahojiwa mara tatu: kabla ya kupeleka mzigo, wakati wa kusubiri, na baada ya kulipwa. Kila kaya itapewa daftari la kaunta la kuandika kilichokopwa, kwa nani, na kwa ahadi gani: kilo mbili za unga dukani, nauli ya hospitali, sare ya shule. Asiyeandika ataandikiwa na mtoto wake au na msaidizi wangu kila jioni ya Jumamosi. Siku za kupokea mzigo nitakaa ghalani kuanzia asubuhi, niangalie upangaji wa madaraja, mzani na uandikaji wa stakabadhi.

Suala la kangomba linahitaji uangalifu wa pekee. Mkulima anayeuza kwa bakuli nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotumika katika korosho tangu msimu wa 2007/08, anavunja utaratibu, na mara nyingi anafanya hivyo kwa shida ya siku hiyo. Sitauliza jina la mnunuzi, na madaftari yatabeba namba tu. Nimekulia Kitangari, watu hawa ni majirani zangu, na sitakubali utafiti wangu umletee yeyote matatizo.

Januari 2027 ni mwezi wa akiba. Minada inaweza kuchelewa au utaratibu ukabadilika katikati ya msimu. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likazisomba. Malipo yakichelewa, mahojiano ya mzunguko wa tatu yatafanyika Januari. Sitayapeleka Februari, kwa kuwa Ramadhani inatarajiwa kuanza takriban tarehe 8, na sitaki kuwakalisha watu wenye swaumu kwa saa nzima.

Uchambuzi umepangwa Februari na Machi, ila unukuzi utaanza Oktoba. Mahojiano 72 ya wastani wa dakika 45 ni saa 54 za sauti. Kila saa ya sauti huchukua takriban saa sita kunukuu, hivyo kazi nzima ni saa 324. Wanukuzi wawili wakifanya saa tano kwa siku watahitaji siku 33 za kazi. Sehemu zitakazosemwa kwa Kimakonde zitanukuliwa kwa Kimakonde kwanza, ndipo zitafsiriwe, maana maneno ya deni na aibu hupungua uzito yakiharakishwa kuingizwa katika Kiswahili. Takwimu za hojaji zitachambuliwa Februari, usimbaji wa mahojiano Machi.

Wiki ya kwanza ya Aprili nitarudi vijijini kutoa mrejesho kwenye mikutano na kusikiliza wanaponikosoa. Sura za matokeo zitaandikwa Aprili, mjadala na hitimisho Mei. Kila sura itafika kwa wasimamizi mara inapokamilika, nao wataisoma kwa siku 14. Rasimu nzima ya tasnifu itakabidhiwa tarehe 31 Mei 2027.